Namba ya simu kaunta: kuuliza kabla ya malipo, au kuachia fomu baada ya risiti?

Mwenye duka: Habari zenu wanajukwaa. Nalinganisha njia mbili. Katika ya kwanza, keshia anauliza namba kabla ya kupokea fedha; katika ya pili, mteja akishapewa risiti anaonyeshwa fomu fupi ajaze akipenda. Ya kwanza inaleta namba nyingi zaidi, ila baadhi ya wateja wakipokea ofa huuliza, "Nani kawapa namba yangu?"

Mzoefu wa mauzo: Swali hilo linatosha kuihukumu njia ya kwanza. Mteja anayeulizwa kabla ya kulipa, tena foleni ikiwa nyuma yake, hudhani namba ni sehemu ya malipo, kwa hiyo huitaja bila kuwa amekubali chochote. Mimi nachagua fomu, na keshia aseme hivi: "Ukipenda, tuachie namba tukutumie ofa, si zaidi ya jumbe mbili kwa mwezi. Hatutaitoa kwa biashara nyingine, na ukijibu ACHA hatutakutumia tena. Usipotaka, bei yako ni ileile." Mteja aandike mwenyewe, kwa sababu namba inayotajwa kwa sauti husikika na foleni nzima.

Muuza nguo: Mbona mnajisumbua? Wanaolipa kwa simu namba zao zinaingia zenyewe.

Mzoefu wa mauzo: Zikiingia, ndugu yangu, unaweza kuzitumia kumrudishia mtu fedha iliyozidi. Hata hivyo zimekuja kwa ajili ya malipo tu, na mara nyingine aliyelipa si aliyenunua: mume amemlipia mke, au bosi amemlipia mfanyakazi. Ofa yako itamfikia mtu asiyelijua duka lako.

Fundi: Mimi huomba namba nimjulishe mteja kwamba kazi yake iko tayari. Nami nahitaji fomu?

Mzoefu wa mauzo: Kwa taarifa ya kazi, kumweleza kwa mdomo kunatosha. Ukitaka kumtumia na ofa, weka visanduku viwili tofauti, vyote vitupu, kwani kisanduku ulichokitia tiki wewe hakionyeshi ridhaa ya mteja. Andika pia tarehe na alichokubali. Anayejibu ACHA usimfute kabisa. Mhamishie kwenye orodha ya wasiotumiwa, la sivyo siku utakapopakia orodha ya zamani namba yake itarudi.

Mwenye duka: Nimeelewa, nitaanza na fomu. Je, nikimpunguzia bei anayeacha namba?

Muuza nguo: Hapo sioni ubaya, ni makubaliano ya wazi.

Mzoefu wa mauzo: Mimi nasita. Punguzo likiwa kubwa, asiyetaka ujumbe anakuwa anatozwa kwa kukataa, na ile ahadi ya "bei yako ni ileile" haisimami tena.

Mwenye duka: Na zile za zamani, nilizozipata kabla ya malipo?

Mzoefu wa mauzo: Mimi ningeziweka kando. Wapo wanaotuma ujumbe mmoja wa kuomba ridhaa, lakini hata huo unamfikia mtu ambaye hakuuomba.