Mrejesho: Tangazo la Neema na ada ya muhula wa kwanza

Niliuliza: "Kikundi chetu cha akiba hapa Moshi kinataka tangazo fupi la mtindo wa hadithi. Niliandikeje ili watu waamini?"

Asanteni sana wakuu. Tumeweka hesabu ambayo msikilizaji anaipiga mwenyewe:

"Kila Jumamosi, Neema akitoka kuuza ndizi Mbuyuni, anaweka shilingi 3,000. Wiki moja mvua iliharibu biashara, hakuweka kitu. Iliyofuata akaweka 6,000. Wiki ya 50 mweka hazina akafunua daftari: 150,000. Jumatatu Neema akaripoti chuoni, risiti ya ada ya muhula wa kwanza mkononi."

Ile wiki ya mvua ndiyo iliyowagusa akina mama. Walisema hapo ndipo walipomwamini Neema. Maneno "akiba inazaa" tumeyatoa kabisa, maana gawio hutegemea wakopaji kurejesha, na hatuwezi kuliahidi hewani. Mwishoni tumeongeza: "Anza mwaka mmoja kabla." Anayeanza wiki 13 kabla ya chuo, kwa kiwango hicho, atafikisha 39,000 tu. Muhula wa pili hatujaugusa. Huo tutauandalia tangazo lake.