Kupanga au kununua kwa mkopo: hesabu ya nyumba ya milioni 100

Mpangaji_Mtulivu: Wadau, nyumba ninayopanga inauzwa milioni 100. Kodi nalipa milioni 5 kwa mwaka. Nina milioni 20 za kianzio, benki inanipa 80 kwa riba ya 9% kwa miaka 20. Ninunue au niendelee kupanga?

Jiwe_la_Msingi: Nunua! Kodi ni hela ya kumtajirisha mwenye nyumba. Marejesho angalau yanabaki kwako.

BiHesabu: Yanabaki kidogo sana mwanzoni, Jiwe. Rejesho la mwezi hapo ni kama 720,000. Mwezi wa kwanza, 600,000 ni riba tupu, na 120,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Mwaka wa kwanza riba inafika karibu milioni 7.1. Ongeza matengenezo, tuseme milioni 1, na faida ambayo zile 20 zingeleta kwingine: kwa 6%, ni milioni 1.2. Jumla 9.3 zisizorudi, wakati mpangaji anapoteza 5. Kwa hiyo nyumba ipande bei kama 4.3% mwaka huo ndipo mlingane, na hapo sijagusa gharama za uhamisho wa hati, mwanasheria na dalali. Ukiuza baada ya miaka mitatu, hizo peke yake zinaweza kukumaliza.

Jiwe_la_Msingi: Lakini kodi hupanda kila baada ya muda, rejesho halipandi.

BiHesabu: Kweli, na ndiyo nguvu kubwa ya kununua, mradi riba isiwe ya kubadilika. Soma mkataba. Riba kwenye deni nayo hupungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayekaa muda mrefu hesabu inamgeukia.

MamaViwanja: Mimi nilinunua kiwanja taslimu, najenga kidogo kidogo. Sina deni la mtu.

BiHesabu: Hongera dada, ila mwenzetu anauliza habari ya mkopo. Na wewe bado unalipa kodi huku pesa yako imelala kwenye kuta zisizo na paa.

MamaViwanja: Zimelala, lakini siwezi kuzila!

Kobe_wa_Hisa: Hapo Mama kagusa penyewe. Mpangaji hushinda kwenye karatasi akiwekeza ile tofauti kila mwezi. Rejesho 720,000, kodi kama 417,000: je, hizo 303,000 zitaenda kwenye hati fungani au mfuko wa pamoja, au zitayeyuka? Jambo jingine, Mpangaji, hizo milioni 20 ndiyo akiba yako yote?

Mpangaji_Mtulivu: Karibu yote, mkuu.

Kobe_wa_Hisa: Basi mimi nisingenunua sasa. Mali yako yote itakuwa kwenye jengo moja, mtaa mmoja, na ukiachishwa kazi huwezi kuuza jiko ulipe rejesho. Tenga kwanza matumizi ya miezi sita.

Jiwe_la_Msingi: Na mwenye nyumba akimuuzia mwingine kabla ya hapo?

Mpangaji_Mtulivu: Ndiyo inayoninyima usingizi. Kanipa hadi mwisho wa mwaka.