Naomba ushauri: lasso au ridge kwa kutabiri bei ya unga?

Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, natabiri bei ya mwezi ujao ya unga wa bukari. Nina miezi 96 na viashiria 140: faranga kwa dola, mafuta, mvua, mahindi ya Zambia, kila kimoja pamoja na thamani zake za miezi ya nyuma.

Lasso ya `cv.glmnet` ilibakiza viashiria 31, na kosa likaonekana dogo mno. Nashuku ni kwa vile inagawa miezi kiholela: mwezi wa tatu unapimwa huku wa pili na wa nne imeshatumika kufunza modeli. Basi nikafunza kwa miezi 48 ya kwanza, nikatabiri wa 49, nikasogea mbele mwezi mmoja mmoja. Lambda ikapanda, vikabaki vitatu. Ridge ikashinda kidogo. Tena faranga na mahindi ya Zambia hupanda pamoja, na lasso huchagua hiki, dirisha linalofuata kile.

Lambda iliyopatikana kwa madirisha mafupi, haitakuwa kali mno nikifunza kwa miezi yote 96? Na kwa viashiria pacha hivi, nibaki na ridge au nichanganye zote mbili, `alpha = 0.5`?