Rasimu ya video ya wapiga kura wapya Minnesota: kuangalia jina daftarini na kujua kituo

Kutoka: Rehema, Brooklyn Park
Kwa: Wanajumuiya wote

Ndugu wapendwa, salamu.

Kamati ya vijana imenikabidhi kazi ya kuandaa video fupi ya Kiswahili kwa ajili ya wenzetu waliopata uraia wa Marekani hivi karibuni, ili kabla ya uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 kila mmoja ajue namna ya kuangalia kama jina lake limo katika daftari la wapiga kura la Minnesota, na kituo chake ni kipi. Video haitamtaja mgombea wala chama chochote, na tumekubaliana tusitumie rangi nyekundu wala buluu kwenye maandishi, kwa kuwa hapa rangi hizo zina vyama vyake.

Rasimu inaanza kwa kuonyesha simu. Mtu anafungua mnvotes.gov, anachagua sehemu ya kuangalia usajili, anajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na anuani, kisha anasoma jibu. Baada ya hapo anafungua pollfinder.sos.mn.gov, anaandika anuani yake na msimbo wa posta, na ukurasa unamwonyesha jina na mahali kilipo kituo. Nilikuwa nimeongeza orodha ya vituo vya Brooklyn Park na Brooklyn Center mwishoni. Naomba mniambie pale ambapo rasimu inaweza kumpotosha mtu, hasa wale ambao wamehama nyumba mwaka huu, maana ndio wengi miongoni mwetu.

Kutoka: Mzee Kamau
Yah: Rasimu ya video

Binti yangu Rehema, kazi njema. Ningependa uongeze jambo moja ambalo watu hulisahau. Sheria ya hapa inamtaka mpiga kura awe amekaa siku 20. Kwa hiyo aliyehamia nyumba mpya wiki mbili kabla ya uchaguzi hawezi kupiga kura mtaa mpya. Itambidi arudi katika kituo chake cha zamani. Pia uwakumbushe wabebe pasipoti ya Marekani, kwa kuwa bila pasipoti hawataruhusiwa kuingia.

Kutoka: Bahati
Yah: Rasimu ya video

Shikamoo Mzee Kamau, na salamu kwenu nyote.

Nimekuwa msimamizi wa kituo siku za uchaguzi katika kaunti ya Hennepin, nami naomba kwa heshima nirekebishe mambo hayo mawili kabla hayajaingia kwenye video, kwa sababu ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani bila kupiga kura.

Siku 20 zipo kweli, ila zinahesabiwa kwa kuishi ndani ya jimbo la Minnesota, si ndani ya nyumba fulani. Aliyeishi Minnesota miaka mitano na akahama wiki iliyopita kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ametimiza sharti hilo. Kituo chake ni kile cha mahali anapoishi siku ya uchaguzi. Akirudi kituo cha zamani atakuta jina lake bado lipo kitabuni, lakini hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kabla ya kupewa karatasi ya kura anatia saini ya kuthibitisha kwamba anaishi katika anuani ile, na yeye haishi tena pale.

Kuhusu pasipoti: mtu ambaye tayari ameandikishwa, na ambaye hajahama wala kubadili jina, kwa kawaida haonyeshi kitambulisho chochote hapa Minnesota. Anataja jina na anuani, anatia saini, basi. Anayetakiwa kuonyesha vielelezo ni yule anayejiandikisha palepale kituoni siku hiyo, jambo ambalo jimbo letu linaliruhusu. Kwake yeye pasipoti peke yake haitoshi, kwa kuwa haina anuani ya nyumbani.

Nitoe mfano ambao Rehema anaweza kuutumia. Mama mmoja aliandikishwa akiwa Brooklyn Park, kisha mwezi wa Oktoba akahamia fleti ya Brooklyn Center, ng'ambo tu ya barabara. Akifungua tovuti na kuandika anuani mpya, ataambiwa hakuna rekodi, naye atadhani amefutwa. Akiandika anuani ya zamani, ataambiwa yumo, naye atadhani mambo yote yako sawa. Majibu yote mawili yanamdanganya. Anachopaswa kufanya ni kujiandikisha upya kwa anuani mpya. Akiwahi hadi siku 21 kabla ya uchaguzi, ambayo mwaka huu ni tarehe 13 Oktoba, anaweza kufanya hivyo mtandaoni au kwa fomu. Ikimpita tarehe hiyo, anakwenda siku ya uchaguzi katika kituo cha nyumba mpya akiwa na leseni yake ya udereva yenye anuani ya zamani pamoja na bili yenye jina lake na anuani mpya, kwa mfano ya umeme, simu au intaneti. Bili hiyo anaweza kuionyesha hata kwenye simu, mradi tarehe yake iwe ndani ya siku 30 kabla au baada ya uchaguzi.

Kama bili zote zina jina la mume, bado kuna njia. Mtu aliyeandikishwa katika eneo lilelile la kituo anaweza kufika naye na kula kiapo kwamba anamfahamu na kwamba anaishi pale. Mtu mmoja anaweza kuwathibitishia hadi watu wanane. Ila aliyejiandikisha siku hiyo kwa kuthibitishiwa hawezi naye kugeuka amthibitishie mwingine, na hapo ndipo familia kubwa hukwama, kwa sababu huja wote wakimtegemea mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe hajaandikishwa.

Kutoka: Otieno, St. Cloud
Yah: Rasimu ya video

Hamjambo. Nimefurahi kusikia kuna video. Mimi bado nina kitambulisho cha Kenya, na ningependa kujua kama mwaka 2027 nitaweza kuangalia jina langu kwa njia hiyo na kupigia kura papa hapa Minnesota badala ya kusafiri.

Kutoka: Rehema
Yah: Rasimu ya video

Kaka Otieno, video hii inahusu daftari la Minnesota pekee. Daftari la Kenya ni jingine kabisa na linasimamiwa na tume ya uchaguzi ya huko, IEBC. Mwaka 2022 vituo vya Kenya katika nchi hii vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, na waliojiandikisha huko walimpigia kura rais tu. Nitaweka sentensi moja mwanzoni ili wengine wasichanganye.

Bahati, asante sana. Nimeshaandika upya sehemu ya waliohama. Swali langu ni kuhusu majina. Shangazi yangu ana majina matatu kwenye cheti cha uraia, lakini leseni yake ina mawili, kwa kuwa jina la kati lilibandikwa kwenye la ukoo bila nafasi. Tulipotafuta jina lake kwenye tovuti, hatukulipata kabisa.

Kutoka: Bahati
Yah: Rasimu ya video

Dada Rehema, hilo ni la kawaida kwa watu wetu, hasa waliotoka Kongo na Burundi, ambao majina yao yaliandikwa na maofisa wengi njiani. Tovuti hutafuta jina kama lilivyoandikwa kwenye fomu ya usajili. Mwambie ajaribu kwanza kama lilivyo kwenye leseni, kisha kama lilivyo kwenye cheti, na pia kwa kubadilishana nafasi za jina la ukoo na la kwanza. Asipolipata, asihitimishe kwamba hayumo. Apige simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti, au ile ya jimbo kwa namba 1-877-600-8683, aombe waangalie. Kujiandikisha upya kwa jina sahihi hakuna adhabu. Rekodi mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani.

Kuna sababu nyingine ya kutopatikana. Baada ya kujiandikisha, ofisi humtumia mtu kadi kwa posta, na kadi hiyo haipelekwi anuani mpya hata kama umewaambia posta kwamba umehama. Ikirudi, rekodi yako inawekewa alama ya shaka. Kwa hiyo video imwambie mtu aandike na namba ya fleti, maana kadi nyingi hurudi kwa kukosa namba hiyo tu.

Na ile orodha ya vituo iondoeni. Vituo hubadilika, na video hukaa mtandaoni miaka. Mwonyesheni mtu jinsi ya kutafuta, basi. Mkirekodi kioo cha simu, msiingie sehemu ya sampuli ya karatasi ya kura, kwa kuwa ina majina ya wagombea, na mkisita juu ya jina moja hata kwa sekunde mbili, mtu atasema mnalipigia debe.

Kutoka: Furaha
Yah: Rasimu ya video

Samahanini, mimi sijapata uraia bado, nina grinkadi. Mwaka jana nilibadilisha leseni, na baadaye nikapokea barua inayozungumzia kuandikishwa kupiga kura. Niliiweka kabatini. Je, ina maana naruhusiwa?

Kutoka: Bahati
Yah: Rasimu ya video

Dada Furaha, hapana, huruhusiwi, na tafadhali usipige kura hata kama jina lako linaonekana. Tangu 2024 Minnesota huandikisha watu moja kwa moja wanapochukua leseni, na utaratibu huo umekusudiwa raia waliothibitisha uraia wao tu. Makosa yanaweza kutokea. Isome barua tena leo: kama inaeleza namna ya kukataa, ifuate. Kisha uiandikie ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako useme kwamba wewe si raia na unaomba jina liondolewe kama limo, nawe ubaki na nakala ya barua yako na ya jibu lao. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, kwa hiyo mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuijaza. Hilo la mwisho si la kuamuliwa na mimi wala na jumuiya.

Kutoka: Mzee Kamau
Yah: Rasimu ya video

Bahati, nimekuelewa kuhusu siku 20, na nitawaeleza wale niliokuwa nimewaambia vingine. Ila naona suala la Furaha lisiwekwe kwenye video. Litawatia hofu hata raia halali, nao wataacha kwenda.

Kutoka: Rehema
Yah: Rasimu ya video

Baba, nakuheshimu, lakini naona liwepo, tena mwanzoni, kabla mtu hajafungua tovuti: video hii ni ya raia wa Marekani waliofikisha miaka 18, kama hujawa raia, usijiandikishe, na ukipokea barua ya usajili usiidharau. Kamati itakaa Jumamosi iamue. Kuna pia suala la mkalimani ambalo sijalipatia nafasi: sheria ya nchi inamruhusu mtu asiyesoma Kiingereza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Upigaji kura wa mapema unaanza tarehe 18 Septemba, kwa hiyo ningependa toleo la kwanza liwe limerekodiwa kabla ya Agosti kwisha. Kwenye kioo tutatumia anuani ya ukumbi wa umma, isiwe nyumba ya mtu yeyote. Bahati, tafadhali uje Jumamosi kama zamu yako ya kazi inakuruhusu.