Kazi ya mshahara, watoto na kuku 200: mnalala saa ngapi? Tupeane uzoefu

Kijana wa Isyesye: Habari zenu wakuu. Kuna jamaa kwenye uzi wa ufugaji kauliza kama mwalimu mwenye mke na mtoto mchanga anaweza kuanza na vifaranga 200 wa nyama Julai hii, hapa Mbeya. Wote mmemjibu habari za soko na bei ya chakula. Mimi nauliza upande wa pili: mtu huyo atabaki mzima? Shuleni anatakiwa saa 1 na nusu, jioni kuna watoto, usiku kuna banda. Mliopita humo tupeane uzoefu.

Bwana Mifugo Mstaafu: Swali zuri, kijana. Anayechosha mtu hapo si kuku, ni wiki mbili za kwanza. Kifaranga hana manyoya ya kumtosha, anategemea joto lako. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Sasa Uyole, Juni na Julai, usiku unaweza kwenda chini ya nyuzi 10. Ile tofauti yote inazibwa na mkaa, na mkaa unatiwa na binadamu saa ambayo anatakiwa awe amelala. Baada ya wiki ya tatu au ya nne kuku ni kazi ya asubuhi na jioni tu, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Kwa hiyo ukiwa na ajira, kila kazi ya pembeni iulize swali moja: ikichelewa hadi kesho asubuhi, nini kinaharibika? Palizi ya viazi ikingoja Jumamosi, hasara ni ndogo. Kifaranga akipigwa na baridi saa 9 usiku hakungoji.

Mama wa Viazi, Njombe: Viazi navyo visisifiwe sana. Ukipanda mvua za Novemba, ugonjwa wa baka ukiingia unapiga dawa kila wiki, na mvua ikinyesha baada ya kupiga unarudia. Nendeni na bomba la lita 16 mgongoni kuanzia alfajiri halafu mkasimame darasani, mtaniambia.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mama wa Viazi yuko sahihi. Ila dawa unaweza kumlipa kijana akapiga mchana. Usiku wa bandani humpati wa kumlipa kirahisi.

Jembe la Mkono: Parachichi wakuu. Mti haulii usiku 😂

Dereva Makambako: Mbona rahisi. Unaweka godoro bandani, jiko la mkaa katikati, unaziba madirisha yote kwa maturubai, unalala na vifaranga wako. Ukisikia wanalia unaongeza mkaa. Wiki mbili zimeisha, na mke hasumbuliwi.

Nesi wa Zamu: Dereva, futa hiyo tafadhali. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu bila moshi, watu hudhani ni salama, kumbe bado unatoa. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, na mtu aliyechoka analala moja kwa moja. Aliyelala hajui hata kama kichwa kinamuuma.

Binti Kihesa: Mtaani kwetu lilitokea. Baba mmoja alilala hivyo hivyo na kijana wake. Asubuhi mama anagonga banda, kimya. Wakavunja mlango. Kijana alitoka anatapika, baba wakambeba mzegamzega hadi hospitali, akapona, ila kwa siku kadhaa alikuwa anasahau hata ameshika nini mkononi. Na vifaranga walikufa wengi pia! Watu wakasema amerogwa na mfugaji mwenzake.

Jembe la Mkono: Duh.

Mama wa Viazi, Njombe: Alipona kabisa? Na kijana je?

Binti Kihesa: Wote wazima. Banda sasa ni stoo.

Dereva Makambako: Sawa nimeelewa, lakini hewa ikiingia si vifaranga watakufa baridi? Nyie mnataka nini sasa?

Bwana Mifugo Mstaafu: Baridi inayoua inapita chini, kwa hiyo ziba chini na uache wazi juu. Turubai lianzie sakafuni, lakini karibu na paa acha nafasi ya upana wa kiganja pande mbili, hewa chafu itoke. Vifaranga wazungushie ubao laini wa dari wenye kimo cha kama sentimita 45. Kwa 200, duara la kipenyo cha mita 2 na robo linatosha wiki ya kwanza. Chini weka maranda makavu, kina chake kiwe kama urefu wa kidole cha kati. Maranda si shida huku kwetu, viwanda vya mbao Mafinga vinayatupa. Na binadamu asilale humo, hata kwa dakika.

Chotara Tu: Samahani wakuu, hao vifaranga wanapatikana wapi kwa sasa na wanauzwaje?

Kijana wa Isyesye: Chotara, uzi wa bei uko kule. Mzee, shikamoo. Nieleze basi huyo mwalimu na mkewe wagawane vipi usiku.

Bwana Mifugo Mstaafu: Marahaba. Kosa la wengi ni kuamka wote wawili kila mara, kwa huruma. Matokeo yake kila mmoja analala vipande vipande, na vipande haviponyi. Usingizi mzito unakuja zaidi saa za mwanzo baada ya kulala, ukikatwakatwa hapo umeukosa hata ukijumlisha saa saba.

Tuchukue jiko linalofunikwa majivu na kuwekewa chungu juu, likashika joto kama saa tatu. Linatiwa mkaa saa 3 usiku, saa 6, saa 9 na saa 12 asubuhi. Mwalimu anabaki macho hadi saa 6, anasahihisha madaftari yake, anabadili jiko, analala hadi saa 12. Mwenzake analala saa 3 hadi saa 9, anabadili, na akitaka anajiegesha tena. Kila mmoja kapata saa sita zisizokatwa, na kati ya saa 6 na saa 9 nyumba nzima imelala.

Hii inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni alamu moja kuwaamsha wote, kwa hiyo mwenye zamu aweke simu mtetemo chini ya mto, na ikiwezekana alale chumba kingine. Ya pili ni kukimbilia bandani kila wakisikika. Kabla ya kulala mulika uone walivyolala. Wametawanyika kama mbegu zilizomwagwa vizuri, waache. Wamerundikana chini ya chungu, wana baridi. Wamekimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi, na hapo unapunguza mkaa. Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga, sio juu ukutani.

Mama wa Viazi, Njombe: Mzee umemaliza.

Nesi wa Zamu: Hajamaliza. Mmesahau mtoto mchanga. Huyo mke ananyonyesha, anaamka hata bila kuku. Hizo saa sita za saa 3 hadi saa 9 ziko kwenye karatasi tu.

Dereva Makambako: Sasa si ndiyo vizuri? Kama anaamka kunyonyesha, apitie na bandani mara moja.

Nesi wa Zamu: Kaka yangu, ungekuwa karibu ningekupima presha wewe. Anayenyonyesha amekaa kitandani nusu usingizini, anarudi kulala. Anayetoka nje kwenye baridi ya Uyole, akachochea mkaa, akanawa mikono, ameamka kabisa. Halafu kuku wa nani? Nyumba nyingi wazo ni la baba, usiku ni wa mama, pesa za mauzo ni za baba tena.

Jembe la Mkono: Hapa nakaa pembeni nasoma tu.

Dereva Makambako: Mnapenda kugeuza kila kitu vita. Ada za watoto analipa nani?

Binti Kihesa: Wanalipa wote, Dereva.

Bwana Mifugo Mstaafu: Nesi kanisahihisha kwa haki. Nyumba yenye mtoto anayenyonya ina mtu mmoja wa usiku, si wawili, na mtu mmoja mwenye ajira haiwezi ratiba ile. Aanze na kuku waliokwisha kulelewa. Kuku chotara wa mwezi mmoja wanauzwa, ni ghali kuliko wa siku moja, lakini ile tofauti ya bei ndiyo mkaa, vifo na usiku ambao mwingine amekesha kwa niaba yako. Ukipiga hesabu ya faida bila kuweka bei ya usingizi, kifaranga wa siku moja ataonekana rahisi daima.

Akishikilia wa nyama, basi aangalie kalenda. Vifaranga waingie siku shule zinafungwa, mwanzoni mwa Juni, wiki ngumu ziangukie likizo. Juni ni baridi na mkaa utaenda zaidi, lakini mkaa unanunuliwa. Julai ya kufungua shule ndiyo mbaya kuliko zote, maana baridi ni ile ile na likizo imekwisha.

Kijana wa Isyesye: Na taa za umeme?

Bwana Mifugo Mstaafu: Zinasaidia sana. Taa ya joto ya wati 250 unaihesabia vifaranga 70 hadi 100, kwa hiyo 200 weka tatu. Ila jiko liwe tayari, umeme ukikatika saa 8 usiku hauagi.

Jembe la Mkono: Mimi nasema kahawa ya Mbozi vikombe viwili saa 12 jioni, unakesha kama mlinzi.

Nesi wa Zamu: Baada ya saa tano hivi nusu ya kahawa hiyo bado imo mwilini. Zamu yako ikiisha saa 6 unajitupa kitandani macho makavu. Kunywa asubuhi.

Mama wa Viazi, Njombe: Mie nakunywa saa 2 usiku na nalala fofofo. Watu hatufanani.

Binti Kihesa: Kuku unapanga, msiba hupangi. Kwetu ukituma rambirambi kwa simu bila kufika, wanakuandika. Hapo ndipo mtu anapomalizikia, Jumamosi yake ya kupumzika inaishia makaburini na Jumapili kikao cha harusi.

Mama wa Viazi, Njombe: Kweli tupu.

Kijana wa Isyesye: Nesi, mtu anajuaje amechoka kawaida au amepitiliza?

Nesi wa Zamu: Uchovu wa kawaida unaisha ukilala vizuri siku mbili tatu. Uliopitiliza, mtu analala Jumapili nzima na Jumatatu yuko vile vile. Anaanza kuwachukia wanafunzi au wateja aliokuwa anawapenda, na kazi aliyokuwa anaifanya kwa saa moja inamchukua tatu na ina makosa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliyaeleza mambo hayo matatu, kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushuka ufanisi, kama tatizo la kazini, si ugonjwa. Lakini usijipime mwenyewe ukaishia hapo. Mama aliyejifungua karibuni anayechoka hivi apimwe wingi wa damu, na asiyeona sababu ya kuamka asubuhi aende kwa daktari, asingoje kuku wauzwe.

Chotara Tu: Hao wa mwezi mmoja je, kwa Mbeya wanapatikana wapi?

Bwana Mifugo Mstaafu: Chotara, popote utakapowapata, muulize muuzaji tarehe za chanjo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Asipokuonyesha daftari, usinunue. Banda likiingia kideri hutalala, hata kama ni wa mwezi mmoja.