Mrejesho: tabaruku, shukrani na wasifu wa teze kwa Kiingereza

Niliuliza: «Nitafsiri vipi tabaruku, shukrani na wasifu kwa Kiingereza cha chuo bila kuua upendo uliomo?»

Wapendwa, asanteni sana toka Bukavu. Ushauri uliozaa matunda ni ule wa kufuta sifa na kubakiza tendo. «Mama yangu mpendwa, shujaa asiyechoka, nuru ya maisha yangu» kwa Kiingereza ilisomeka kama hotuba ya harusi. Sasa tabaruku ni mstari mmoja: kwa mama, aliyeuza sambaza ili nisome. Neno sambaza limebaki kwa herufi za mlalo, na maelezo mafupi: samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Direkta wa teze hakugusa kitu hapo.

Kwenye shukrani nafsi ya kwanza ilibaki. Direkta alitangulia, familia ikafunga, na kila mtu akatajwa kwa jambo moja alilofanya.

Wasifu wangu kama mwandishi ndio umegoma. Nafsi ya tatu inaukausha. Joto limebaki kwenye sentensi ya mwisho tu. Tena, mkitaja digrii humo, angalieni lisansi yetu ya zamani ya Kongo: ni miaka 5, yaani 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Ukiitafsiri kama shahada ya kwanza tu, unajishusha. Mimi nimebakiza jina lake la Kifaransa na kuandika miaka pembeni.