Sosi nyeupe: maziwa ya baridi au ya moto? Na madonge yakitokea, chujio au blenda?

Zaituni_Tanga
Habari zenu wapishi. Nataka kuoka makaroni ya nyama Ijumaa, na kinachonikwamisha ni sosi nyeupe. Nakaanga unga wa ngano kwenye siagi, namimina maziwa yaliyochemka, mara madonge yanajaa sufuria nzima. Wengine wananiambia maziwa yawe baridi. Lipi bora? Na sosi ikishaharibika, niichuje au niitie kwenye blenda?

Fundi_Sufuria
Dada Zaituni, unaimimina yote kwa mkupuo, sivyo? Unga ukikutana na maziwa ya moto unavimba papo hapo. Fungu la unga likivimba nje linajifunga kama gundi, maziwa hayapenyi tena, na ndani unabaki unga mkavu. Hilo ndilo donge. Kazi ya siagi ni kuzitenganisha punje zisishikane, ila haiwezi kukulinda ukimwaga nusu lita kwa pamoja.

Kwa nusu lita ya maziwa mimi hupima siagi gramu 40 na unga gramu 40. Kama huna mizani, ni vijiko vikubwa vitatu vya siagi na vitano vya unga vilivyosawazishwa. Kaanga kwa moto mdogo dakika mbili hivi, mpaka harufu ya unga mbichi iishe, lakini usigeuke rangi. Epua. Tia maziwa ya baridi robo kikombe tu, ukoroge. Utapata kinyunya kigumu, na hapo ndipo wengi hushtuka na kumwaga maziwa yote. Usifanye hivyo. Koroga mpaka kinyunya kilainike kabisa, ndipo utie robo nyingine. Kikishakuwa chepesi kama uji unaweza kumimina yaliyobaki, urudishe motoni na kukoroga mpaka pembeni mwa sufuria. Ikianza kutokota, punguza moto, uiache dakika tano.

Nachagua baridi kwa sababu unga hauvimbi mpaka upate joto, kwa hiyo una muda wa kusawazisha kila kitu kabla sosi haijakaza.

Jiko_la_Hoteli
Hapana jamani. Kazini tunapasha maziwa na kipande cha kitunguu na jani la bay, tunachuja, tunamimina yakiwa moto. Ya baridi yanagandisha siagi, na hayo ndiyo madonge yenyewe.

Fundi_Sufuria
Siagi kuganda ni kweli, kaka, ila inayeyuka tena sosi ikipata joto. Donge la unga haliyeyuki. Kwa sufuria kubwa ya hoteli nakubaliana nawe, maana kusubiri lita nyingi za baridi zipate moto ni kukaribisha sosi kuungua chini. Lakini kwa maziwa ya moto unahitaji mkono mwepesi na kipigio cha mayai, mwiko hautoshi.

Jiko_la_Hoteli
Mkono mwepesi ndio upishi wenyewe. Na ladha ya kile kitunguu huipati kwenye maziwa ya baridi.

Baba_Salma
Yangu ina chembechembe hata baada ya blenda. Natumia maziwa ya ng'ombe yanayoletwa asubuhi, napika jioni. Nipunguze unga?

Fundi_Sufuria
Usiguse unga, mzee wangu. Bonyeza chembe kwa vidole. Ikipasuka na kutoa unga, ni donge. Ikiwa haina unga ndani, na majimaji yamejitenga pembeni, maziwa yalishaanza kuchacha yakakatika kwa joto. Hapo chujio wala blenda havisaidii. Kesho chemsha kikombe kimoja peke yake kwanza. Yakikatika, usiyapikie sosi.

Zaituni_Tanga
Na madonge yangu ya unga je?

Fundi_Sufuria
Epua kwanza, upige kwa nguvu na kipigio. Madogo yatavunjika. Yakibaki machache, pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Lakini jua kwamba unga unaobaki kwenye chujio umeutoa kwenye sosi, kwa hiyo itakuwa nyepesi. Madonge yakiwa mengi napendelea blenda, maana unga wote unabaki ndani. Iache ipoe kidogo, jaza jagi nusu tu, fungua kile kifuniko kidogo cha juu na ufunike tundu lake kwa kitambaa. Mvuke ukikosa pa kutokea hurusha mfuniko na sosi inaunguza. Kisha irudishe motoni itokote, maana ule unga uliokuwa mkavu bado ni mbichi.

Mama_Chapati
Ikiwa nyepesi, si unanyunyiza tu unga kidogo juu?

Fundi_Sufuria
Utapata madonge mapya, mama. Kanda kijiko cha siagi laini na kijiko cha unga, dondosha vipande vidogo ndani ya sosi inayotokota huku ukikoroga. Siagi inayeyuka polepole na unga unaachia kidogo kidogo.

Zaituni_Tanga
Nimeelewa. Naanza na baridi, kisha nitajaribu ya moto yenye kitunguu sosi ikinikubali. Je, naweza kuipika Alhamisi usiku?

Jiko_la_Hoteli
Unaweza. Ikiwa bado moto, lalisha karatasi ya nailoni juu yake iguse sosi, isifanye utando. Ikipoa, weka kwenye friji. Kesho yake ipashe kwa moto mdogo na maziwa kidogo, itakuwa imekaza sana.